Namba ile ile, mtandao mwingine, kisha eSIM: uchambuzi wa kisa cha mfanyabiashara wa viungo, Tanga

Usuli

Mhusika wa kisa hiki ni mama wa makamo anayeuza viungo kwa jumla Ngamiani, jijini Tanga. Nitamwita Bi M. Iliki, pilipili manga na mdalasini huvifuata kwa wakulima wa upande wa Amani, wilayani Muheza, na wateja wake wamegawanyika kati ya Tanga mjini, Dar es Salaam na Mombasa. Majina ya watu na ya kampuni za simu nimeyaondoa. Kampuni aliyokuwa nayo naiita mtandao wa awali, na ile aliyohamia naiita mtandao mpya.

Namba yake ameitumia miaka mingi. Imeandikwa kwenye magunia na kwenye kibao cha duka, na wakulima wengine wameiandika kwa mkaa ukutani. Kuiacha ilikuwa sawa na kuhamisha duka usiku bila kumwambia mteja. Shida ni kwamba kule milimani mtandao wa awali ulikuwa haushiki mpaka ashuke barabarani, ilhali wakulima wenyewe walikuwa wakiongea vizuri kwa mtandao mpya wakiwa ndani ya mashamba.

Mwanzoni alitembea na simu mbili, iPhone iliyotumika aliyoletewa kutoka Dubai na kitochi chenye laini ya mtandao mpya. Wateja wakawa wanampigia kwenye namba isiyoshika huku wakulima wakimpigia kwenye namba ambayo hakuna mteja anayeijua. Akaja kwangu na ombi moja: namba yake ya zamani ihamie mtandao mpya, tena ikae ndani ya simu kama eSIM, ili tundu la kadi libaki kwa laini nyingine.

Ombi lilikuwa moja kwa maneno, lakini kiufundi ni mambo mawili tofauti, na sehemu kubwa ya kisa hiki inatokana na tofauti hiyo. Kuhama mtandao ni kuondoa namba kwa kampuni moja na kuipeleka kwa nyingine. Tanzania huduma hiyo ilianza Machi 2017 chini ya usimamizi wa TCRA. Kubadili kadi kuwa eSIM ni kitu kingine: kampuni inabaki ile ile, ila badala ya kadi ya plastiki, taarifa za laini zinapakuliwa na kuwekwa kwenye chipu iliyomo ndani ya simu. Kwa kampuni, kazi hiyo haina tofauti kubwa na kurudisha laini iliyopotea. Kadi ya zamani inazimwa, mpya inawashwa.

Tulichokagua kabla ya kugusa chochote

Tulianza na simu. Ukibonyeza `*#06#` kwenye simu inayokubali eSIM, juu ya namba za IMEI utaona namba ndefu ya tarakimu 32 iliyoandikwa EID. Hiyo ndiyo namba ya chipu ya eSIM. Isipoonekana, safari inaishia hapo. Ni jambo la kuangalia hasa kwa simu zilizotumika, maana kuna iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China bara zenye matundu mawili ya kadi na zisizo na eSIM kabisa, ingawa kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi. Ya Bi M. ilikuwa na EID. Kisha tukaingia Settings, General, About, tukatafuta Carrier Lock. Iliandika "No SIM restrictions", maana yake simu haikufungwa kwa kampuni yoyote.

Jambo la pili lilikuwa usajili wa laini, na hapo ndipo tulipokutana na kikwazo cha kwanza. Alipobonyeza `*106#` na kuangalia usajili wa namba yake, jina lililotokea halikuwa lake. Lilikuwa la mpwa wake. Mwishoni mwa 2019, wakati laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka, na kijana akaweka kidole chake ili laini ya shangazi isifungwe. Ilisahaulika.

Mtu aliyesajiliwa ndiye mwenye laini. Angekwenda kuomba kuhama kwa kitambulisho chake, ombi lingekataliwa kwa sababu taarifa zisingelingana. Mbaya zaidi, mpwa mwenyewe, au yeyote mwenye kidole chake, ndiye aliyekuwa na haki ya kurudisha laini ile. Kwa hiyo kabla ya yote wakaenda wawili kwenye duka la mtandao wa awali, kila mmoja na namba yake ya NIDA na kidole chake, umiliki ukahamishiwa kwa Bi M.

Jambo la tatu lilikuwa pesa. Namba inahama, lakini akaunti ya pesa haihami. Akaunti ile imo kwenye mfumo wa kampuni ya awali na inafunguliwa kwa menyu ya kampuni hiyo kupitia kadi yake. Kadi ikishakufa, mlango wa kuingilia haupo tena. Vilevile muda wa maongezi na bando vinabaki nyuma. Nilimwomba alipe mkopo mdogo aliokuwa amechukua kwenye simu, atoe salio lote, na ajiondoe kwenye kikundi cha akiba ambacho yeye alikuwa mmoja wa wanaoidhinisha malipo kwa namba ile. Hilo la kikundi lilichukua muda, kwa sababu wenzake walitaka kwanza kikao.

Uamuzi: hatua mbili, si moja

Mhudumu wa mtandao mpya alisema inawezekana kuhama na kupewa eSIM kwa mkupuo. Bi M. alipendelea hivyo, na ninamwelewa, kwani kila safari ya dukani ni foleni. Mimi nilishauri ahame kwanza kwa kadi ya kawaida, iishi siku chache, ndipo abadilishe kuwa eSIM. Akakubali.

Sababu yangu ilikuwa moja. Laini ikikosa kusoma baada ya kuhama, kuna mambo mawili yanayoweza kuwa chanzo: ama uhamisho haujakamilika, ama simu haijaunganisha laini vizuri. Ukiwa na kadi mkononi unaitoa na kuitia kwenye simu ya jirani, na ndani ya dakika mbili unajua kosa liko wapi. eSIM haitoki. Inakaa pale pale na wewe unabaki kukisia.

Uamuzi mwingine ulihusu tundu litakalobaki wazi. Wateja wake wengi walikuwa wanalipa kutoka mtandao wa awali, hivyo alisajili laini mpya kabisa ya mtandao huo, kwa jina lake, kwa ajili ya kupokea malipo. Laini hiyo ndiyo ingekuja kukaa kwenye tundu.

Siku ya kuhama

Wanaohama wengi hudhani wanaanza kwa kuaga kule walikotoka. Sivyo. Unaanza kule unakokwenda. Bi M. alikwenda duka la mtandao mpya na kitambulisho, akajaza fomu, akaweka kidole, akapewa kadi mpya. Kisha, akitumia laini yake ya zamani iliyokuwa bado hai, akatuma ujumbe mfupi wenye neno `HAMA` kwenda namba `15080`. Ujumbe huo lazima utoke kwenye namba inayohama yenyewe, kwa kuwa ndio ushahidi kwamba mwenye namba anayo mkononi na ameridhia.

Kadi ya zamani tuliiacha ndani ya iPhone. Ile mpya tukaiweka kwenye kitochi. Mpangilio huo ulitupa nafasi ya kuona kila upande: iPhone ikipoteza mtandao, jibu tunalitafuta kwenye kitochi. Alasiri iPhone iliandika haina huduma. Muda si mrefu kitochi kikaonyesha jina la mtandao mpya. Nikapiga namba yake, kikaita.

Ila kati ya kutuma HAMA na kukatika kwa laini, mteja wa Dar es Salaam alimtumia shilingi 340,000. Ujumbe wa kupokea pesa aliuona. Akaufurahia, akasema atazitoa kesho. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, na hakuna aliyekuwa karibu kumkumbusha kwamba kwa akaunti ile kesho haikuwepo.

Siku ya eSIM

Kadi ilifanya kazi vizuri siku kadhaa, hata kule Amani. Akachagua Jumamosi kwenda kubadilisha, kwa sababu siku hiyo anafunga duka mapema. Alifika karibu na wakati wa duka la simu kufunga. Kidole kikachukuliwa, akapewa karatasi yenye msimbo wa QR, akaambiwa akaiskani nyumbani kwani foleni ilikuwa ndefu.

Njiani kadi ya plastiki ikazima, kama ilivyopaswa. Nyumbani hakukuwa na Wi-Fi, na eSIM hupakuliwa kwa intaneti. Laini iliyokuwa na bando ndiyo hiyo iliyozimwa. Mpwa akawasha hotspoti ya simu yake. Wakaingia Settings, Cellular, Add eSIM, Use QR Code, wakaelekeza kamera kwenye karatasi. Laini ikaonekana kwenye orodha, lakini haikushika mtandao. Ilibaki inaunganisha tu.

Baada ya kusubiri kidogo, mpwa akaamua kuifuta ili askani upya. Ni wazo ambalo lingemjia mtu yeyote aliyezoea kutoa kadi na kuirudisha. Safari hii simu ikakataa: msimbo hautumiki tena. Misimbo mingi ya eSIM hutumika mara moja tu. Ukiskani na laini ikapakuliwa, msimbo umekwisha kazi, na kufuta laini hakuurudishii uhai. Duka lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu.

Kwa muda wote huo namba ya Bi M. haikupatikana kwa kupigiwa. Kilichomwokoa ni WhatsApp. Programu hiyo haitafuti kadi kila unapoifungua, ilimradi haijaondolewa kwenye simu. Nilipopigiwa Jumapili kwa laini ya mpwa, jambo la kwanza nililosisitiza ni kwamba asiifute wala asiisajili upya, kwa sababu ingetuma namba ya uthibitisho kwenye laini isiyopatikana. Akaweka laini yake mpya ya malipo kwenye tundu, akapata intaneti, akawaarifu wateja kwa WhatsApp.

Jumatatu asubuhi alirudi dukani, akaweka kidole upya, akapewa msimbo mwingine. Safari hii aliskani pale pale kaunta, kwa Wi-Fi ya duka, na hakuondoka mpaka amepiga, amepigiwa, na amepokea ujumbe mfupi.

Matokeo

Namba ilibaki ile ile, mtandao ukabadilika, na simu ikawa moja yenye laini mbili. Zile shilingi 340,000 zilirudi wiki iliyofuata. Alikwenda duka la mtandao wa awali na kitambulisho na ule ujumbe wa kupokea pesa, ambao ulikuwa umebaki kwenye simu. Wakahakiki, wakamwekea kwenye akaunti ya laini yake mpya ya mtandao huo. Kama umiliki usingerekebishwa mwanzoni, pesa hiyo ingedaiwa kwa jina la mpwa.

Kulikuwa na kero ndogo pia. Siku za mwanzo simu ilikuwa inapiga kwa laini ya malipo, na wateja hawakupokea kwa kuwa hawaijui namba. Tuliweka laini ya zamani kuwa ya kupigia, kupitia Default Voice Line kwenye Settings, Cellular, na laini ya data tukaichagua pembeni.

Kero kubwa zaidi ilijitokeza baadaye, nayo ni ujumbe wa benki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kukagua usajili kabla ya kuomba kuhama ndicho kitendo kilicholipa kuliko vyote. Wengi wanaoniletea shida za kuhama wamekataliwa kwa sababu ya jina, na wanadhani ni hila ya kampuni ya zamani isiyotaka kumwachia mteja. Mara nyingi laini ni ya mume, ya kaka, au ya wakala aliyewasajilia mtaani. `*106#` inachukua dakika moja. Na ukikuta jina lisilo lako, rekebisha hata kama huna mpango wa kuhama.

Kutenganisha hatua mbili pia kulisaidia, na Jumamosi ile ndiyo iliyothibitisha. Laini ilipokataa kushika hatukuwa na shaka kuhusu uhamisho, kwa kuwa kadi ilikuwa imeshafanya kazi siku kadhaa. Kosa lilikuwa kwenye eSIM peke yake.

Hata hivyo sisemi njia hii ni ya lazima kwa kila mtu. Mwenye simu yenye tundu na eSIM anaweza kuhama moja kwa moja, kadi ya zamani ikiwa kwenye tundu na eSIM mpya ikiwa imeshapakuliwa, akaona moja ikizima na nyingine ikiwaka ndani ya simu ile ile. Ni njia nzuri ukiwa karibu na duka na huna biashara inayotegemea simu kwa siku mbili tatu. Bi M. hakuwa na nafasi hiyo.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Tuanze na pesa. Kutoa salio jana yake hakutoshi, kwa sababu akaunti inaendelea kupokea mpaka dakika ya mwisho. Kilichohitajika ni kuwaambia wateja mapema wasitume chochote kwenye namba ile siku ya kuhama, na kukaa karibu na wakala mpaka laini ikatike. Kikiingia kitu, kinatolewa papo hapo.

Kwenye eSIM, kosa halikuwa la mpwa zaidi ya kuwa la muda na mahali. Jumamosi mchana, bila Wi-Fi, mbali na kaunta, hata hitilafu ndogo inakuwa ya siku mbili. Lakini kuna jambo la kujua hapa ambalo lingeokoa wikiendi yake. Ukimaliza kuskani, angalia orodha ya laini kwenye Settings. Kama laini mpya haimo kabisa, upakuaji ulishindwa, na mara nyingi msimbo bado ni mzima, kwa hiyo tafuta intaneti imara uskani tena. Kama laini imo ila haina mtandao, upakuaji umekamilika na kinachosubiriwa ni kampuni kuiwasha. Hapo zima simu na uiwashe, weka hali ya ndege na uitoe, subiri saa chache, piga huduma kwa wateja kwa simu ya mwingine. Usiifute. Bi M. alikuwa kwenye hali hii ya pili.

Karatasi ya QR nayo ina hatari yake. Kabla haijatumika, yeyote atakayeiskani kwanza ndiye anayepata namba. Kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la familia ili mtu asaidie ni kumkabidhi mgeni laini, na pamoja nayo akaunti za pesa.

Namba inayodanganya mfumo

Kabla ya 2017 tarakimu za mwanzo za namba zilitosha kukuambia ni ya kampuni gani. Leo hazitoshi, lakini watu na mifumo mingine bado wanazitegemea.

Kwa upande wa watu, wateja wa Bi M. waliokuwa wakimtumia pesa kwa mazoea waliona namba ya mtandao wao na kuchagua njia ya mtandao wao. Sasa ikabidi wachague kutuma mitandao mingine, waingie mtandao mpya, na wasome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Aliwaandikia ujumbe mfupi wa maneno machache: namba ni ile ile, pesa nitumie kwa laini hii nyingine. Wengi wakaelewa, kwa sababu alikuwa na laini ya malipo ya kuwaelekeza.

Kwa upande wa mifumo, benki ilikuwa inatuma namba za uthibitisho na Bi M. hazipati. Tulijuaje kwamba si laini? Ujumbe wa kawaida kutoka kwa watu wa mitandao yote ulikuwa unafika, na namba za uthibitisho za programu nyingine zilifika. Za benki peke yake ndizo zilizopotea, na mhudumu wa benki akatuonyesha kwenye skrini yake kwamba zimetumwa. Hali ya namna hiyo humaanisha kwamba anayetuma ujumbe kwa niaba ya benki bado anaupeleka kwa kampuni ya zamani, kwa kufuata tarakimu za mwanzo.

Kubadili kadi tena au kufuta eSIM kusingesaidia chochote. Kurudi mtandao wa awali, jambo ambalo alikuwa ameanza kulifikiria, kungerudisha ujumbe wa benki, lakini kungerudisha pia shida ya kule milimani. Kilichosaidia ni kuandika malalamiko tawini, tukitaja kwamba namba imehama mtandao, tarehe iliyohama na mtandao iliko sasa, ili benki ipeleke taarifa kwa mtoa huduma wake wa ujumbe. Ilichukua muda, na katika kipindi hicho miamala mikubwa aliifanya dirishani. Mtu ambaye kila siku analipa kwa programu ya benki ajaribu kwanza kuuliza tawi lake kama wana wateja waliohama na wanapata ujumbe, kabla hajatuma HAMA.